Tangazo la Juni 5 lisilo na maneno matupu: mwongozo kwa duka la bidhaa za kutumia tena na tena

Kila ikikaribia Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, maduka yanayouza mifuko ya turubai, chupa za chuma, vikapu na taulo za kike za kufua hutoa tangazo lilelile. Jani la kijani, kiganja kilichobeba dunia, na chini yake: "Rafiki wa mazingira, punguzo asilimia 20." Mteja akiuliza ni rafiki kwa vipi, muuzaji anacheka kidogo na kurudia yaliyoandikwa kwenye bango.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka anayetaka kila sentensi ya tangazo lake iweze kutetewa hapo kaunta, mbele ya mteja mbishi. Ili tusizungumze hewani, tuchukue duka la mfano pale Sinza, Dar es Salaam, lenye bidhaa tatu za kutangaza: mfuko wa turubai wa shilingi 8,000, chupa ya chuma cha pua ya mililita 750 kwa shilingi 20,000, na kikapu cha ukili. Bei ni za mfano, weka zako. Anza kazi wiki nne kabla, maana hatua ya pili inategemea watu wengine kukujibu, na wasambazaji hawana haraka.

Hatua ya kwanza: vunja kila bidhaa vipande vipande

Chukua daftari, kila bidhaa ipe ukurasa wake, kisha orodhesha sehemu zake zote. Mfuko una kitambaa, uzi wa kushonea, mipini, wino wa chapa na lebo. Chupa ina mwili, kifuniko, mpira wa kuzuia kuvuja, kamba ya kushikia na boksi iliyokuja nayo. Unaweza kuona ni utoto, lakini uongo mwingi wa matangazo haya unaanzia hapa: muuzaji anasifia sehemu moja kana kwamba ndiyo bidhaa nzima. "Chupa isiyo na plastiki" ni dai linalokufa mara tu mteja anapofungua kifuniko, kwa sababu kifuniko ni plastiki na mpira wake ni silikoni.

Kitambaa kichunguze mwenyewe. Turubai linalouzwa Kariakoo kwa jina la pamba mara nyingi ni pamba iliyochanganywa na poliesta, na kwa macho huwezi kujua. Chomoa nyuzi mbili kutoka kwenye ukingo wa ndani wa mfuko, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, kwa sababu kuna vitambaa ambavyo wima ni pamba na mlalo ni kitu kingine. Nenda nje, mbali na kitu chochote kinachoshika moto, shika uzi kwa koleo na uusogeze kwenye mshumaa. Pamba inashika moto upesi, inanukia karatasi iliyoungua, na inaacha majivu laini ya kijivu yanayosagika ukiyagusa. Poliesta inajikunja kuukimbia moto, inayeyuka huku ikitoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha donge gumu kwenye ncha. Ukipata majivu yenye vidonge vigumu ndani yake, ni mchanganyiko, na kwenye daftari uandike mchanganyiko.

Rudia kwa uzi wa kushonea. Karibu kila mara utakuta ni poliesta, na si aibu, kwa sababu ndio unaoufanya mfuko usifumuke. Ila sasa umeshajua kwamba neno "pamba asilimia 100" linahusu kitambaa peke yake, na kwamba mfuko huo ukioza siku moja, nyuzi zake zitabaki.

Kikapu nacho kina mtego. Sokoni kuna vikapu vilivyosukwa kwa ukili na vingine vinavyofanana navyo vilivyosukwa kwa kanda za plastiki. Dondosha maji juu yake: ukili unayanywa na rangi yake inakolea, plastiki inayaacha yateleze. Usisahau mipini, ambayo huwa ya ngozi, kamba ya katani au kamba ya plastiki hata kama mwili wote ni ukili.

Na kama unauza vile vikombe vinavyoitwa vya mianzi, vitoe kwenye promosheni mpaka ujue vimetengenezwaje. Vingi ni unga wa mianzi ulioshikanishwa kwa plastiki ya melamini, na chai ya moto inaweza kutoa kemikali kutoka kwenye melamini hiyo hadi kwenye kinywaji. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliagiza vikombe vya aina hii viondolewe sokoni. Kumuuzia mtu plastiki kwa jina la mianzi siku ya mazingira ni fedheha usiyoihitaji.

Hatua ya pili: mwulize msambazaji, kwa maandishi

Ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha, mradi majibu yahifadhiwe. Kwa chupa, mwulize ni chuma cha pua cha daraja gani. Daraja 304 ndilo linalotumika sana kwenye vyombo vya chakula. 201 ni la bei nafuu na linashika kutu kwa urahisi zaidi. Namba iliyogongwa chini ya chupa haitoshi, maana kugonga namba ni rahisi kuliko kubadilisha chuma. Omba karatasi ya vipimo ya kiwanda. Kwa mfuko, uliza kitambaa kimetoka wapi na uzito wake kwa mita ya mraba. Kwa kikapu, uliza kimesukwa wapi na nani aliyekusanya.

Asiyejibu, au anayejibu "bosi, hiyo ni kitu orijino usiwe na wasiwasi", amekuokolea nafasi kwenye bango: jambo hilo huliandiki. Hapa ndipo wengi wanateleza. Wanadhani kukosa taarifa kunawapa ruhusa ya kutumia neno la jumla, kumbe neno la jumla ndilo linalobeba madai mengi kuliko yote.

Hatua ya tatu: futa maneno yasiyo na mwisho

Weka mezani tangazo lako la mwaka jana na kalamu nyekundu. Kata "rafiki wa mazingira", "ya kijani", "asilia", "endelevu", "salama kwa dunia". Kiwango cha kimataifa cha ISO 14021, kinachohusu madai ya mazingira ambayo muuzaji anajitolea mwenyewe, kinakataza madai ya jumla ya aina hii. Sababu ni nyepesi kueleweka. Hakuna bidhaa isiyogharimu mazingira. Pamba inakunywa maji na dawa za kuua wadudu shambani, chuma kinapitia tanuru, na kontena linasafiri kwa meli inayochoma mafuta. Ukisema "rafiki wa mazingira" umedai kwamba hesabu yote hiyo umeifanya na umeona faida, na wewe hujaifanya.

"Inaoza" ni neno la hatari zaidi kwa sababu linasikika kama ukweli wa kisayansi. Inaoza wapi, na kwa muda gani? Taka za Dar nyingi zinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Kitambaa cha pamba kilichofukiwa chini ya taka nyingine bila hewa kinaoza polepole na kutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto la dunia. Kwa hiyo hata pale ambapo ni kweli kwamba kitu kinaoza, si lazima iwe sifa. Tena wewe unauza mfuko wa kudumu, unasifiaje uozo?

"Haina BPA" kwenye chupa ya chuma ni aina nyingine ya ujanja. BPA ni kemikali inayotumika kutengeneza baadhi ya plastiki. Chuma cha pua hakitengenezwi kwa BPA, na hata plastiki ya polipropilini, ambayo ndiyo ya vifuniko vingi, haitokani nayo. Kujisifia kutokuwa na kitu ambacho hakikutarajiwa kuwemo ni kumfanya mteja adhani chupa za jirani zinacho.

Kuhusu sheria, usidhani madai haya ni mambo ya Ulaya tu. Sheria ya Ushindani ya Tanzania, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inayokataza vilevile. Na wale wanaowatumia wateja wa Ulaya vikapu na mifuko wajue kwamba kuanzia Septemba 27, 2026 Umoja wa Ulaya unapiga marufuku madai ya jumla ya mazingira yasiyo na uthibitisho unaotambulika. Pia nembo za baraza la mazingira NEMC, shirika la viwango TBS au Umoja wa Mataifa usiziweke kwenye bango kama pambo. Alama ya TBS ni ya bidhaa iliyopewa leseni ya kuitumia, haihusiani na hamu yako ya kuonekana wa maana.

Hatua ya nne: chagua kitu sahihi cha kulinganisha nacho

Hii ndiyo hatua inayotenganisha tangazo la kweli na tangazo la kubahatisha, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Matangazo mengi ya mifuko ya turubai bado yanapigana na rambo. Lakini mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na Kenya tangu Agosti 28, 2017. Mteja wako wa Sinza akisahau mfuko nyumbani leo, hapewi rambo. Anauziwa mfuko mbadala, ule wa kitambaa kisichofumwa, au anafungiwa nyanya kwenye kifungashio chembamba kinachoonyesha ndani, ambacho kisheria si kibebeo lakini sokoni kinabeba kila kitu. Huyo ndiye mshindani wako halisi. Ukisema mfuko wako "unaondoa rambo", umejisifu kwa kazi ambayo serikali ilikwisha ifanya.

Na huo mfuko mbadala wenyewe ni plastiki. Umetengenezwa kwa polipropilini iliyobanwa kwa joto hadi ikafanana na nguo. Choma kipande chake kidogo kama ulivyochoma uzi wa turubai, utakiona kinayeyuka. Wateja wengi hawajui, na kuwaambia hilo kwa upole ni taarifa yenye thamani kuliko jani la kijani.

Sasa ukubwa wa faida. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti uliolinganisha mifuko ya madukani kuanzia malighafi hadi jalalani. Kwa kipimo cha gesi zinazoongeza joto, mfuko wa pamba ulihitaji kutumika mara 131 ndipo ulingane na mfuko mwembamba wa plastiki unaotumika mara moja na kutupwa. Wa polipropilini isiyofumwa ulihitaji mara 11. Mtu anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki atafikisha mara 131 baada ya miezi 15 hivi. Kama ule wa plastiki unatumika tena kufungia taka, pamba inahitaji safari nyingi zaidi.

Je, uiandike 131 kwenye bango? Mimi nisingeiandika. Mifuko ya utafiti ule ilikuwa ya kwao: ule wa pamba ulikuwa na uzito wa wastani wa gramu 183, na ule wa polipropilini gramu 116 hivi, wakati mifuko mbadala ya mitaani kwetu ni mepesi mno kuliko huo. Namba ya Uingereza inakufundisha jambo moja la uhakika, kwamba mfuko wa pamba unaotumika mara chache ni hasara. Haikupi namba ya mfuko wako. Itumie kujizuia, usiitumie kujisifu.

Unachoweza kudai ni kile unachoweza kukipima. Chukua mifuko mbadala 10 ya ukubwa unaotolewa na maduka ya mtaani kwako, ipime yote pamoja kwenye mizani ya jikoni, kisha gawanya kwa 10. Kupima mmoja mmoja kunadanganya kwa sababu mizani ya jikoni haina usahihi kwenye uzito mdogo. Tuseme umepata gramu 320, yaani gramu 32 kwa mfuko. Mteja anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki ana safari 104 kwa mwaka. Kama kila safari angenunua mfuko mpya, hiyo ni gramu 3,328 za plastiki, kilo tatu na kitu.

Lakini simama kwenye hiyo "kama". Nani ananunua mfuko mpya kila safari? Watu wengi wanaurudia mara mbili tatu kabla haujachanika mpini. Waulize wateja wako wa wiki hii, hapohapo kaunta: mfuko huu umeutumia mara ngapi? Ikiwa jibu la kawaida ni mara mbili, hesabu yako inashuka hadi mifuko 52 na kilo 1.7 hivi. Andika hiyo ndogo. Namba ndogo yenye masharti wazi haipingiki, na mteja anaiamini kwa sababu inafanana na maisha yake.

Fanya na hesabu ya pesa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mfuko wako ni 8,000. Kama kibebeo kinauzwa 500 na mteja anakitumia mara mbili, anatumia shilingi 250 kwa safari. Atarudisha 8,000 yake baada ya safari 32, yaani wiki 16. Hakuna mwanasayansi anayehitajika kuthibitisha hilo.

Chupa inafuata njia hiyohiyo, na ina sharti lake ambalo matangazo hayalisemi kamwe: mteja lazima awe na maji ya kujaza. Mtu anayeshinda kwenye bodaboda au kibanda cha mitandao ya simu hana dumu la maji karibu, na chupa ya chuma ya 20,000 mkononi mwake itaishia kuwekwa uji wa mtoto. Kwake yeye maneno hayasaidii, anahitaji mahali pa kujaza. Tutarudi hapo.

Hatua ya tano: andika sentensi, kisha ijaribu

Sentensi nzuri ina mambo manne: bidhaa gani na sehemu gani yake, imetengenezwa kwa nini, inachukua nafasi ya kitu gani, na kwa sharti lipi. Mfuko wetu wa mfano unakuwa hivi:

"Mfuko wa turubai. Kitambaa ni pamba, uzi wa kushonea ni poliesta. Ukiutumia sokoni mara mbili kwa wiki badala ya mfuko mbadala wa shilingi 500 unaotumika mara mbili, unarudisha bei yake ndani ya wiki 16. Kama nyumbani una mfuko mzima, endelea na huo."

Sentensi ya mwisho itamshtua mshirika wako wa biashara. Iache. Ndiyo inayofanya zile za juu ziaminike, na anayeisoma huku hana mfuko mzima ndiye mteja unayemtaka.

Kwa chupa: "Mwili ni chuma cha pua daraja 304 kwa mujibu wa karatasi ya kiwanda, unaweza kuiomba hapa kaunta. Kifuniko ni plastiki, mpira ni silikoni, vyote viwili tunauza vipuri." Kama huna vipuri, kata maneno hayo na anza kuvitafuta, maana chupa ya chuma hufa kwa mpira wa shilingi 500 uliopotea, mwili wake ukiwa bado mzima.

Kwa kikapu, sema kimesukwa wapi na kwa nini, na useme pia udhaifu wake: kikikaa kimelowa kinashika ukungu, kwa hiyo samaki wabichi wawe kwenye chombo chao.

Kabla ya kuchapa, jaribu bidhaa yenyewe. Ning'iniza mfuko kwenye msumari imara ukiwa na unga kilo 10, uache usiku kucha. Asubuhi angalia pale mpini uliposhonwa: matundu ya sindano yaliyotanuka au uzi ulioanza kuchomoza yanakuambia kwamba mfuko huo haufiki wiki 16, na hesabu yako yote imeanguka. Dawa ni kumrudishia fundi cherehani ashone mraba wenye msalaba ndani yake kwenye kila mguu wa mpini, badala ya mstari mmoja. Chupa ijaze maji, ifunge, ilaze kwenye gazeti kavu mpaka kesho. Gazeti litasema.

Hatua ya sita: panga ofa inayolipa matumizi

Usigawe mifuko ya bure. Najua inavutia, lakini umeshaona hesabu: mfuko wa pamba unaokaa kabatini ni mbaya kuliko ule uliokuja kuuchukulia nafasi. Wa bure ndio unaokaa kabatini, hasa ukichapwa "Juni 5" na mwaka, kwa sababu mwezi Agosti tayari ni wa zamani.

Badala yake, ofa ya duka letu la Sinza iwe hivi. Kuanzia Juni 1 hadi 7, anayekuja na mfuko au kikapu chochote alichokwisha kukitumia, hata kama alikinunua kwa mshindani wako, anapata asilimia 10 kwenye bidhaa nyingine. Kwenye chupa ya 20,000 hiyo ni shilingi 2,000. Kama uliinunua 14,000, bado unabaki na 4,000 kabla ya kodi ya pango na mengineyo. Asilimia 20 ingekuachia 2,000, na ungelazimika kuuza chupa tatu kupata faida iliyokuwa ya moja kwa bei kamili.

Siku yenyewe, mlete fundi cherehani akae mlangoni na mashine yake, mlipe ujira wa siku, ashone mipini ya mifuko iliyochanika bure, ya duka lako na isiyo yako. Weka na dumu la maji ya kunywa kwa wenye chupa. Dumu usiliondoe Juni 6. Likiweza kukaa mwaka mzima, basi umempa yule kijana wa bodaboda sharti lililokuwa limekosekana, na sasa unaweza kuandika kwa haki: "Jaza chupa yako hapa, bure, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni." Kama litakaa wiki moja tu, andika wiki moja.

Mtu atakushauri: "Kwa kila mfuko, tupande mti." Kwa Dar mwezi Juni, mwambie subiri. Masika imekwisha, kiangazi kinaingia, na mche uliochomekwa ardhini bila mtu wa kuumwagilia hadi vuli utakauka. Ukitaka kweli kupanda, toa ahadi yenye eneo, aina ya mti, jina la kikundi kitakachoitunza, na tarehe ya kurudi kuhesabu iliyopona. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo, achana nayo.

Hatua ya saba: bango na simu

Sharti likae karibu na dai, kwa herufi zinazosomeka kutoka umbali uleule. Kuandika "unarudisha bei yake!" kwa herufi kubwa na kuficha "ukienda sokoni mara mbili kwa wiki" chini kwa herufi za mchwa ni uongo ulioandikwa kwa uangalifu. Kama bango halitoshi, punguza madai, usipunguze herufi. Dai moja kwa bango linatosha kabisa.

Kwenye WhatsApp na Instagram, andika maneno ndani ya picha yenyewe. Maelezo ya chini hayasafiri: mtu anachukua picha ya skrini, anaisambaza kwenye kundi la mtaa, na dai lako linafika kwa jirani likiwa limeachwa uchi. Picha iwe ya bidhaa yako halisi, ikiwezekana iliyotumika, yenye doa la binzari. Jani na dunia waachie wengine.

Hatua ya nane: mwandae anayesimama kaunta

Mwenye duka anaweza kuwa mkweli kwenye bango, halafu kijana wa kaunta akaharibu kwa shauku ya kuuza. Kaa naye nusu saa, mfanye mazoezi. Wewe uwe mteja.

"Dada, huu si mfuko wa kitambaa tu? Unaokoa nini?"

"Mama, unategemea unavyoutumia. Ukienda nao sokoni kila wiki utaacha kununua ile ya mia tano. Ukiuweka ndani, haukusaidii kitu."

"Na ile mbadala si kitambaa pia?"

"Hapana mama, ile ni plastiki iliyobanwa. Kama unayo nyumbani usiitupe, itumie mpaka ichanike."

"Hii chupa inadumu miaka mingapi?"

Hapa ndipo atakapojaribiwa kusema "maisha". Jibu lake liwe: "Sina namba ya kukupa. Mpira wa kifuniko ndio unaochoka kwanza, na tunauza."

Mpe ruhusa ya wazi ya kusema hajui. Mwandikie namba yako, amwambie mteja utapigiwa. Daftari la hatua ya kwanza likae chini ya kaunta, pamoja na majibu ya wasambazaji na gazeti la jaribio la chupa kama unapenda maonyesho.

Baada ya wiki hiyo

Hesabu mambo matatu: watu wangapi walikuja na mfuko wa zamani, mipini mingapi ilishonwa, na dumu lilijazwa mara ngapi. Hizo ndizo namba utakazotumia mwakani, na ni zako. Mauzo nayo yaangalie, lakini usiyageuze kuwa dai la mazingira. "Tuliuza mifuko 60" haina maana kwamba plastiki kiasi fulani haikutumika, kwa kuwa hujui mifuko hiyo iko wapi.

Ukigundua dai mojawapo lilikuwa na kosa, labda msambazaji amekiri chupa ni daraja 201, shusha bango siku hiyohiyo, weka marekebisho palepale ulipotangaza, na mpe aliyenunua nafasi ya kurudisha. Bandika na tarehe ya marekebisho. Kisha pitia mabango yaliyobaki mtaani na kwa mawakala wako, kwa sababu lile lililosahaulika kwenye genge la jirani ndilo litakalosomwa mpaka Desemba.